Mishahara ya watu 38: tuifanye wenyewe au tuikabidhi kampuni ya nje?

Swali: Kampuni yetu ya usambazaji iko Nairobi na ina wafanyakazi 38. Tunafungua ghala Mombasa, na kufikia mwisho wa mwaka tutakaribia watu 70. Mishahara yote anaiandaa mhasibu wetu kwa Excel, juu ya kazi zake nyingine. Kuna kampuni imetuletea bei ya shilingi 450 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na mkurugenzi wangu anataka tuwakabidhi kila kitu. Mimi ndiye meneja wa fedha na nasita. Tukabidhi au tubaki nayo?

Jibu: Kabidhini hesabu na ritani. Msikabidhi pesa, wala idhini, wala kazi ya kukusanya taarifa za watu wenu. Na msianze mwezi ujao, anzeni Januari. Hilo ndilo jibu langu kwa maelezo uliyonipa, lakini kuna jambo moja ambalo linaweza kuligeuza kabisa, kwa hiyo lifanye kabla hujarudi kwa mkurugenzi.

Chukua miezi sita iliyopita na utafute kila marekebisho yaliyofanywa kwenye mishahara. Kila mara mtu alipolalamika kapunjwa, kila mara mlipomwongezea au kumkata mtu mwezi uliofuata ili kusawazisha, kila barua kutoka mamlaka ya kodi, KRA, au mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Andika kila kosa kwenye mstari wake, kisha mbele yake uandike lilizaliwa wapi: kwenye taarifa iliyomfikia mhasibu, au kwenye hesabu aliyoifanya. Msimamizi wa ghala akichelewesha saa za ziada za wapakiaji wanne, hilo ni kosa la taarifa. Dereva akiacha kazi tarehe 12 na mhasibu akajua tarehe 30, hilo pia ni la taarifa. Fomula ikiendelea kutumia kiwango cha mwaka juzi, au mtu akikatwa SHIF, yaani mchango wa bima ya afya, kwenye mshahara wa msingi tu badala ya mshahara ghafi wote, hayo ni ya hesabu.

Makosa yako yakiwa mengi ya hesabu, kampuni ya nje itakusaidia kweli. Yakiwa mengi ya taarifa, haitakusaidia hata kidogo, na huenda ikakuumiza. Mhasibu wako leo akigundua saa za ziada za mtu hazipo, anainuka mezani na kwenda kumuuliza msimamizi. Wakala aliye upande wa pili wa jiji hana habari kwamba kuna kitu kinakosekana. Anapokea faili, anapiga hesabu, anarudisha. Isitoshe, kama mnalipa tarehe 28, wakala atataka taarifa zote zimfikie kabla ya tarehe 18 au 20, na kitakachokuja baadaye ama kinangoja mwezi ujao ama kinatozwa ada ya ziada. Kampuni ambayo leo inahangaika kukusanya saa za ziada hadi tarehe 26 haiwezi kuruka hadi tarehe 18 kwa sababu tu imetia sahihi mkataba.

Pamoja na hilo, mwombe mhasibu aandike kwa mwezi mmoja saa anazotumia, kwa mafungu matatu: kukusanya taarifa, kupiga hesabu, na yanayofuata baada ya hesabu, yaani ritani, malipo na kujibu maswali ya wafanyakazi. Wakurugenzi wengi huamini kwamba kukabidhi mishahara kunaondoa kazi yote. Kwa kawaida fungu la kwanza linabaki kwenu lote, la tatu linabaki nusu, na ni la pili tu linaloondoka. Ikiwa mhasibu anatumia siku tano kwa mwezi na mbili kati yake ni za kuwafuata watu kwa simu na moja ni ya fungu la tatu, usimwahidi mkurugenzi siku tano. Mwambie mbili na nusu.

Sasa, kwa nini naegemea upande wa kukabidhi hesabu? Kwa sababu ya nchi mliyomo. Angalia yaliyopita Kenya tangu Julai 2023. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilileta ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 kwa mwajiri, pamoja na viwango viwili vipya vya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, kwa wenye mishahara mikubwa. Januari 2024 ushuru huo ukasimama kwa uamuzi wa Mahakama ya Rufaa. Februari NSSF ikapanda. Machi ushuru wa nyumba ukarudi kwa sheria mpya. Oktoba 2024 NHIF ikazikwa na SHIF ikaanza, asilimia 2.75 ya mshahara ghafi. Tarehe 27 Desemba 2024 namna ya kukokotoa PAYE yenyewe ikabadilika. Februari 2025 NSSF ikapanda tena. Yote hayo ndani ya miezi ishirini, na kila badiliko linadai mtu afungue fomula, aiguse mahali sahihi, na asiharibu nyingine.

Badiliko la Desemba 2024 ndilo ninalokuta limekosewa mara nyingi zaidi, kwa hiyo nitalipiga hesabu hapa. Chukua mfanyakazi wa shilingi 60,000 kwa viwango vya mwaka 2025. NSSF yake ni asilimia 6, yaani 3,600. SHIF ni 1,650. Ushuru wa nyumba ni 900. Kwa utaratibu mpya, vyote vitatu vinaondolewa kwanza kabla ya kodi, kwa hiyo kinachotozwa kodi ni 53,850. Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki asilimia 30. Jumla inakuja 10,938.35. Toa nafuu ya binafsi ya 2,400, PAYE ni 8,538.35, na mfanyakazi anaondoka na 45,311.65 mkononi.

Sasa chukua faili la Excel ambalo halikuguswa. Linaondoa NSSF peke yake, linatoza kodi 56,400, kisha linampa mfanyakazi nafuu ya asilimia 15 ya ushuru wa nyumba, yaani 135, kama ilivyokuwa zamani. PAYE inatoka 9,168.35. Tofauti ni shilingi 630 kila mwezi, kutoka mfukoni mwa mfanyakazi. Kosa la namna hii halina kelele. KRA haikuandikii barua kwa sababu umelipa zaidi, na mfanyakazi haoni kwa sababu hajui hesabu inavyokwenda. Lakini watu 38 wenye mishahara ya kiwango hicho wanapoteza 23,940 kwa mwezi, na tangu Sheria ya Fedha ya 2025 mwajiri amebanwa waziwazi kumpa mfanyakazi nafuu na makato yote anayostahili anapokokotoa PAYE. Siku mmoja wao atakapolinganisha hati yake ya mshahara na ya rafiki yake wa kampuni nyingine, utakuwa na kikao kirefu.

Jioni hii hii mchukue mtu mmoja kwenye orodha yako, mwenye mshahara usio na makorokoro, na umpigie hesabu kwa kalamu kama nilivyofanya. Ikilingana hadi senti, mhasibu wako yuko macho kuliko wengi, na haraka ya kukabidhi inapungua. Isipolingana, umeshapata kosa la kwanza la hesabu kwenye ile orodha yako.

Sababu yangu ya pili ni kwamba kazi yote iko mikononi mwa mtu mmoja. Sisemi mhasibu wako si mwaminifu, simjui. Nasema kwamba mtu mmoja anayeingiza majina, anayepiga hesabu, anayebadilisha namba za akaunti na anayepeleka faili benki hana wa kumwona akikosea, na akilazwa hospitali tarehe 24 hakuna atakayelipwa. Kampuni ya watu 38 haiwezi kuajiri makarani wawili wa mishahara ili waangaliane. Wakala anakupa jicho la pili kwa bei nafuu, ilimradi wewe ubaki na jicho la kwanza.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na mkurugenzi wako anayetaka kukabidhi kila kitu. Mbele ya sheria, mwajiri ni ninyi. Kodi isipokatwa au isipofika, KRA inaangalia PIN yenu, haiangalii ya wakala. Ritani ya PAYE ikichelewa, adhabu ni asilimia 25 ya kodi inayodaiwa au shilingi 10,000, lolote lililo kubwa, na kodi yenyewe ikichelewa kulipwa kuna asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Kwa watu 38 wa ule mshahara wa mfano, PAYE ya mwezi ni karibu shilingi 324,000. Robo yake ni karibu 81,000. Sasa soma kile kipengele cha mkataba kinachotaja kikomo cha wajibu wa wakala. Mara nyingi utakuta wameandika kwamba hawatalipa zaidi ya ada ya mwezi mmoja. Ada yenu ya mwezi mmoja ni 17,100. Hiyo ni pengo ya zaidi ya shilingi 60,000 kwa kosa moja la kuchelewa, na iko upande wenu. Kataeni kipengele hicho kama kilivyo. Dai liwe hivi: kosa likiwa lao, adhabu na riba ni yao yote. Wakala anayejiamini hukubali, kwa sababu anajua hachelewi. Anayekataa katakata amekwambia jambo.

Kuhusu pesa, niwe mkali kidogo. Wapo mawakala wanaopendelea mteja awatumie jumla ya mishahara na makato yote kwa mkupuo, kisha wao wagawe kwa wafanyakazi, KRA, NSSF na SHA, mamlaka inayopokea SHIF. Usikubali, hata kama wanakupunguzia ada. Malipo ya taasisi hizo karibu yote yanakutana tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo pesa zenu zingekaa kwenye akaunti ya mtu mwingine kwa siku kumi na zaidi, kila mwezi, pamoja na za wateja wake wengine. Akifilisika au akizitumia kwanza kuziba pengo lake, ninyi mtalipa mara ya pili. Utaratibu ulio salama si mgumu: wakala anaandaa P10, yaani ritani ya PAYE ya kila mwezi, na kuiwasilisha kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA, anakuletea hati yenye namba ya malipo, na ninyi mnalipa moja kwa moja kutoka benki yenu. Vivyo hivyo kwa NSSF na SHIF. Kwa mishahara, yeye anaandaa faili la benki, na kwenye mfumo wa benki watu wawili wa kampuni yenu ndio wanaoidhinisha.

Usimpe nywila ya iTax ya kampuni. Kuna njia ya kumteua wakala wa kodi ndani ya mfumo wenyewe, akafanya kazi kwa jina lake na ukamwondoa siku mkataba ukiisha. Na kila tarehe 10, ingia mwenyewe uone ritani ipo na malipo yamepokelewa. Ni dakika tano. Usitosheke na barua pepe inayosema kila kitu kimekamilika. Taka stakabadhi ya kupokelewa kwa ritani, maana hiyo ina namba na tarehe.

Idhini ndiyo kazi itakayobaki mezani kwako kila mwezi, na inafaa ujue inavyofanywa, kwa kuwa wengi huitia sahihi bila kuisoma. Huhitaji kukagua watu 70 mmoja mmoja. Unahitaji kuvuka kutoka mwezi uliopita hadi mwezi huu kwa mabadiliko unayoyajua. Tuseme mshahara ghafi wa mwezi uliopita ulikuwa 2,280,000. Mwezi huu mmeajiri wapakiaji wawili wa 28,000 kila mmoja, ongeza 56,000. Karani wa mauzo wa 45,000 ameondoka mwishoni mwa mwezi uliopita, toa 45,000. Saa za ziada zimepanda kwa 31,500. Kwa hiyo mwezi huu utegemee 2,322,500. Wakala anakuletea 2,367,500. Zimezidi 45,000 barabara, na hata kabla hujafungua faili unajua yule karani bado yumo. Fanya hivyo kwa shilingi, kisha ufanye kwa idadi ya vichwa: 38, ongeza wawili, toa mmoja, 39. Faili likisema 40, mnalipa mtu ambaye hayupo.

Ukaguzi wa pili ni wa namba za akaunti. Weka orodha ya mwezi uliopita na ya mwezi huu kando kwa kando na utafute namba zilizobadilika. Kila iliyobadilika lazima iwe na fomu yenye sahihi ya mfanyakazi, na mtu wenu mwingine, asiyeandaa mishahara, awe amempigia simu kwa namba iliyo kwenye faili lake la kazi, si namba iliyoandikwa kwenye barua pepe ya maombi. Wezi wa siku hizi hawavunji kasha, wanaandika barua pepe kwa jina la mfanyakazi wakiomba mshahara uingie akaunti mpya.

Kuna pia maamuzi ambayo programu ya wakala itayaonyesha lakini haiwezi kuyafanya. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka makato yote ya mfanyakazi yasizidi theluthi mbili ya mshahara wake. Mtu mwenye mkopo wa masomo wa HELB, mkopo wa SACCO na advansi ya kampuni anaweza kufika hapo kwa urahisi. Mfumo utawasha taa nyekundu. Nani anaamua kipi kisogezwe? Makato ya kisheria hayasogezwi, kwa hiyo kwa kawaida ni advansi yenu inayosubiri. Mpeni wakala kanuni hiyo kwa maandishi, la sivyo karani wake ataamua kwa kadiri anavyoona, na mfanyakazi atakuja kwako akiwa na barua ya SACCO mkononi.

Sasa ghala la Mombasa. Hili linanitia wasiwasi kuliko bei. Maghala huanza na vibarua, na vibarua hulipwa kwa M-Pesa kila Jumamosi kutoka kwenye pesa ndogo ndogo za ofisi, nje kabisa ya orodha ya mishahara. Wakala hatawaona kamwe, kwa sababu hamjampelekea majina yao, na ripoti zake zitaonekana safi. Lakini chini ya kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira, kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mkataba wa kawaida, pamoja na haki zake. Kabla ya kufungua ghala, amueni nani anaandika mahudhurio ya vibarua kila siku, na majina yao yaingie kwenye faili la mwezi pamoja na namba zao za kitambulisho na za NSSF. Kuna madereva pia. Wakilala njiani kati ya Nairobi na Mombasa na mkawapa posho ya safari, tangu Julai 2025 hadi shilingi 10,000 kwa siku haitozwi kodi, ila lazima safari ionekane kwenye kumbukumbu zenu. Wakala hawezi kutofautisha posho ya safari na nyongeza ya mshahara iliyobatizwa jina hilo. KRA ikija kukagua, itaomba kitabu cha safari.

Tuje kwenye ile bei. Shilingi 450 mara 38 ni 17,100, na VAT ya asilimia 16 inaifikisha 19,836. Kama bidhaa zenu zinatozwa VAT, mtaidai hiyo 2,736 na gharama halisi inabaki 17,100. Kama mnauza bidhaa zisizotozwa, hiyo ni gharama yenu moja kwa moja. Mkifika watu 70 ada inakuwa 31,500, na kwa kuwa imevuka 24,000 kwa mwezi itabidi mkate kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla ya kumlipa wakala. Ni jambo dogo, ila lisipotajwa mapema litazua ugomvi kwenye ankara ya kwanza. Swali kubwa ni 450 inanunua nini. Waulize kwa maandishi kama ndani yake mna hesabu za mwisho za mtu anayeacha kazi, yaani siku alizofanya, likizo ambayo hajaichukua na notisi. Kama mna fomu za P9 za mwisho wa mwaka, zinazoonyesha mshahara na kodi ya kila mfanyakazi. Kama kurudia hesabu kwa kosa lenu kunatozwa. Na kama bonasi ya Desemba inayolipwa tarehe tofauti inahesabiwa kuwa mwezi mwingine. Kwenye kampuni inayoajiri na kuachisha kwa kasi, hizo ndizo zinazogeuza 450 kuwa 700.

Mkataba uwe pia na njia ya kutoka. Andikeni kwamba taarifa zote, pamoja na hati za mishahara na P9 za miaka iliyopita, zitarudishwa kwenu katika faili linalofunguka kwa Excel ndani ya siku 30 baada ya mkataba kuisha. Sheria ya kodi inawataka mtunze kumbukumbu kwa miaka mitano, na wakala mliyegombana naye hana haraka ya kukutumia chochote. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ninyi ndio wenye dhamana ya taarifa za wafanyakazi hata zikiwa kwenye kompyuta yake, kwa hiyo mkataba wa maandishi kuhusu namna anavyozitunza si hiari.

Kwa nini Januari? Kwa sababu P9 inahesabu Januari hadi Desemba. Mkihama Septemba, sehemu ya mwaka wa kila mfanyakazi iko kwenye Excel na sehemu iko kwa wakala, na mtu atalazimika kuziunganisha kwa mkono kwa watu 70 wakati wa kuandaa P9. Kuhama Januari kunafuta kazi hiyo yote. Tieni sahihi Oktoba. Novemba na Desemba mhasibu wako na wakala wapige hesabu zote mbili sambamba, mkilipa kwa hesabu ya mhasibu. Linganisha mfanyakazi kwa mfanyakazi. Tofauti ya senti chache kutokana na kukadiria ni sawa. Tofauti ya shilingi 5 itafutiwe sababu, kwa sababu leo ni ya mtu mmoja na kesho ni ya fomula nzima. Kwa majaribio, mpe wakala watu watano wagumu kwanza: aliyeanza kazi tarehe 17, aliyeacha kazi, mwenye kamisheni kubwa, aliye karibu na theluthi mbili ya makato, na aliye kwenye likizo isiyo na malipo. Akiwapata hao, wengine ni rahisi. Na kama wakala hataki miezi miwili ya sambamba, tafuta mwingine.

Ghala likifunguka kabla ya Januari, kwa mfano Oktoba, watu wa Mombasa waanze kwenye utaratibu mlio nao. Mambo mawili mapya yasigongane mwezi mmoja.

Sasa rudi kwenye ile orodha ya makosa ya miezi sita. Ikionyesha kwamba manane kati ya kumi ni ya taarifa, jibu langu linabadilika: msikabidhi mwaka huu. Tumieni pesa hizo kununua programu ya mishahara inayofuata sheria za Kenya, ambayo muuzaji wake huleta viwango vipya sheria inapobadilika, na wekeni tarehe 20 kuwa mwisho wa kupokea taarifa kutoka kwa wasimamizi. Atakayechelewa, saa za ziada za watu wake zitalipwa mwezi unaofuata, na yeye mwenyewe ndiye atakayewaeleza. Baada ya miezi mitatu ya hivyo mtakuwa na faili linalofaa kukabidhiwa kwa yeyote.

Mkurugenzi atakuuliza pia lini kazi hii inafaa kurudi ndani. Mpe hesabu. Karani wa mishahara wa 60,000 anawagharimu 60,000, pamoja na NSSF ya mwajiri 3,600, ushuru wa nyumba wa mwajiri 900 na shilingi 50 za tozo ya mafunzo ya NITA: jumla 64,550. Gawa kwa 450 unapata karibu watu 143, na bado hujaongeza bei ya programu wala mtu wa kumshikia nafasi akienda likizo. Kwa hiyo chini ya watu 150 ada ya wakala itakuwa nafuu, isipokuwa zile tozo za pembeni ziwe zimeipandisha. Mkikaribia idadi hiyo, omba bei mpya kwanza kabla ya kutangaza nafasi ya kazi, kwa sababu kwa watu 150 wakala yeyote atashuka.